DNS na damu: namba ya kwenye chupa na kinachotokea mwilini

Dripu yenye chumvi na sukari pamoja wengi wetu hapa Tanga tunaiita DNS, wauguzi na hata ndugu wanaouguza. Lita yake moja ina gramu 9 za chumvi na gramu 50 za glukosi. Ninaowafundisha kazi wodini huniletea maswali yaleyale kuhusu chupa hii, na mengi yanatokana na dhana hizi.

Dhana: Maji ya chumvi yanalingana na damu, ya glukosi pia yanalingana, basi DNS nayo inalingana.

Tupige hesabu. Chumvi ya asilimia 0.9 ina milimoli 154 za sodiamu na 154 za kloraidi, jumla miliosmoli 308 kwa lita, yaani hesabu ya chembe zilizoyeyuka, ambazo ndizo zinazovuta maji. Glukosi ya asilimia 5 ni gramu 50 kugawanya kwa 180, yaani karibu 278. Damu yenyewe ni kati ya 275 na 295, kwa hiyo kila dripu ikiwa peke yake iko jirani na damu. Lakini kwenye DNS lita ileile moja ya maji imebeba vyote viwili: 308 na 278 ni 586, mara mbili ya damu. Chupa nyingine huandikwa 560, kwa sababu glukosi yake imepimwa pamoja na maji yaliyoshikamana nayo.

Ukichanganya nusu lita ya chumvi na nusu lita ya glukosi, hilo ni jambo lingine. Kila kimoja kimezimuliwa na mwenzake, na unapata karibu 293.

Dhana: Kama ni 586, basi itanyonya maji kutoka kwenye seli za mgonjwa.

Pale dripu inapoingilia, mshipa unaweza kuhisi ukali kidogo. Baada ya hapo damu inaizimua, na insulini inaifungulia glukosi mlango wa seli, ambako inatumika kama nishati. Glukosi iliyokwisha kuingia ndani ya seli na kutumika haiwezi kuendelea kuyatoa maji ya seli nje. Sodiamu ndiyo inayobaki nje, na sodiamu ya DNS ni ileile 154 ya maji ya chumvi ya kawaida. Kwa hiyo DNS inaizidi damu ikiwa chupani, lakini mwilini inafanya kazi kama dripu ya isotoniki, yaani inayolingana na damu.

Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hayumo katika maelezo haya. Glukosi yake inabaki nje ya seli, na huko inavuta maji kwelikweli.

Dhana: Dripu salama ni ile ambayo namba yake inafanana na ya damu.

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Upo mchanganyiko wa chumvi ya asilimia 0.18 na glukosi ya asilimia 4. Chumvi inatoa 62, glukosi 222, jumla 284, namba ya damu kabisa. Glukosi ikishatumika inabaki 62 tu. Ni sawa na kumpa mgonjwa mililita 200 za maji ya chumvi na mililita 800 za maji matupu. Sodiamu ya damu inashuka, maji yanaingia kwenye seli za ubongo, na ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Mtoto anaanza kuumwa kichwa na kutapika, anakuwa mzito wa kuitika, kisha degedege. Mwaka 2007 wakala wa usalama wa wagonjwa wa Uingereza uliagiza mchanganyiko huu uondolewe kwenye wodi za kawaida za watoto, baada ya vifo.

Dhana: Mgonjwa amekauka maji, fungua DNS ikimbie, sukari itampa nguvu.

“Nesi mwanangu, mbona inadondoka polepole hivyo?” Bibi anayeuguza ana haki ya kujibiwa vizuri. Mwili hutumia karibu nusu gramu ya glukosi kwa kila kilo kwa saa. Mgonjwa wa kilo 60 ataweza gramu 30, na lita ya DNS ina 50, kwa hiyo haifai kuisha chini ya saa moja na dakika 40. Ikikimbizwa zaidi, sukari inafurika kwenye mkojo na kuondoka na maji. Mkojo mwingi unamdanganya muuguzi kwamba mgonjwa amejaa, kumbe anazidi kukauka. Kipimo cha sukari cha kidoleni kitamwonyesha ukweli. Wa kukimbizwa ni maji ya chumvi au Ringer.

Dhana: DNS ikikosekana, kuongeza D50, yaani glukosi ya asilimia 50, kwenye chupa ya chumvi hakuna tatizo.

Hesabu inakubali: toa mililita 50 kwenye chupa ya 500, weka mililita 50 za D50, utapata karibu 555. Ila D50 ni nzito, ina zaidi ya 2,700 kwa lita, na inatuama chini, kwenye mdomo wa kutokea. Ukiining'iniza bila kuichanganya, hiyo ndiyo itakayotangulia kuingia mshipani. Igeuze juu chini mara kadhaa kabla ya kuiunganisha, na usiongeze kitu kwenye chupa ambayo tayari inaning'inia.