Mpangilio wa ukurasa wa bidhaa: mfano wa blenda ya Kariakoo

Mfanyabiashara akinipa kazi ya kutengeneza ukurasa wa bidhaa, kwanza namwomba anionyeshe meseji za WhatsApp alizotumiwa na wateja kuhusu bidhaa hiyo. Nichukue blenda ya shilingi 85,000 inayouzwa na duka la Kariakoo. Meseji zake zilikuwa zilezile kila siku: ni orijino? Mbagala mnaleta kwa shilingi ngapi? Inafika lini? Ikigoma je? Maswali hayo ndiyo mpangilio wenyewe wa ukurasa. Kila swali linaloulizwa mara kwa mara lina jibu ambalo ukurasa haujalitoa, au umelificha chini sana.

Tuanze na picha, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Duka lilikuwa na picha moja safi ya kiwandani, ileile iliyo kwenye akaunti nyingine kumi za Instagram. Mnunuzi akiiona anajiuliza kama muuzaji ana mzigo kweli. Tukaiacha iwe ya kwanza, kisha tukapiga nyingine nne kwa simu, karibu na dirisha. Moja inaonyesha blenda mezani kando ya chupa ya soda, ili ukubwa wake ueleweke bila kusoma vipimo. Nyingine ni ya kibandiko cha chini ya mashine, kwa karibu, wati na volti zisomeke. Umeme wetu ni volti 230, na mtu aliyewahi kuunguza mashine ya volti 120 iliyotoka Marekani hanunui bila kuona maandishi hayo. Ya tatu ni plagi, kwa sababu plagi ya pini mbili ina maana ya kutafuta adapta. Ya mwisho ni vitu vyote vilivyomo kwenye boksi. Kila picha tukaipunguza isizidi kilobaiti 100 hivi, kwani mteja anafungua kwa bando lake, na picha ikichelewa anaondoka.

Chini ya picha inakuja bei, kwa tarakimu kubwa. “Bei njoo inbox” inamfanya mnunuzi ahisi atapangiwa bei kwa kuangaliwa usoni. Ila bei pekee haitoshi. Anayekaa Kigamboni anajua kuna nauli ya bodaboda juu yake, na kama haioni anaikadiria mwenyewe, mara nyingi kwa hofu. Kwa hiyo mara tu baada ya bei tuliweka sehemu ya kuchagua eneo. Akichagua Sinza, maandishi yanabadilika papo hapo: “Kuletewa 5,000. Jumla 90,000. Agiza kabla ya saa 8 mchana, upokee leo kabla ya saa 1 usiku.” Akichagua Mwanza anaambiwa mzigo unapanda basi kesho asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, na kwamba ataufuata mwenyewe ofisi ya basi. Saa iliyotajwa ina uzito kuliko “tunaleta haraka”. Lakini usiandike saa ambayo bodaboda wako hawezi kuitimiza siku ya mvua. Ongeza muda kidogo.

Kitufe cha “Agiza” kinakaa hapo, na chini yake mistari miwili tu: lipa ukipokea kwa Dar, na masharti ya kurudisha. Masharti yajibu mambo manne: siku ngapi, bidhaa ikiwa katika hali gani, nani analipa bodaboda ya kurudi, na pesa inarudi vipi. Tuliandika hivi: “Iwashe mbele ya dereva. Ikigoma ndani ya siku 7, tunaifuata kwa gharama yetu na kukurudishia pesa kwa simu, au tunakupa nyingine.” Kabla ya hapo masharti yalikuwa ukurasa mwingine kabisa, chini mwisho, kwa lugha ya mikataba. Hakuna aliyefika huko.

Maoni ya wateja yanafuata. Yenye nguvu ni yale yenye picha ya jikoni kwa mtu, eneo alilopo na muda aliotumia bidhaa. Mteja mmoja alitoa nyota tatu, akaandika kwamba blenda inasaga vizuri lakini ina kelele. Mwenye duka alitaka tuyafute. Nilimkatalia, tukayaacha pamoja na jibu lake: ni kweli ina kelele, kwa sababu mota ni ya wati 1,000. Mnunuzi akiona sifa tupu anadhani zimeandikwa dukani. Akiona kasoro ndogo iliyokubaliwa, anaamini na zile sifa nyingine.

Ukurasa ukishakuwa hewani, rudi kwenye meseji. Wakiendelea kuuliza nauli, basi sehemu ya eneo iko chini mno kwenye skrini ya simu ndogo, ipandishe. Wakijaza oda halafu wakaishia hatua ya mwisho, linganisha jumla wanayoikuta pale na ile waliyoiona mwanzo. Ikizidi hata kwa 2,000, anza kurekebisha hapo.