Harmatani: dhana potofu kuhusu utusitusi, baridi ya asubuhi na ngozi kupasuka

Kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Machi, upepo mkavu uitwao Harmatani huvuma kutoka Sahara kuelekea kusini-magharibi, ukapita Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Gine. Mengi yasemwayo kuuhusu ni kweli, lakini sababu zinazotolewa mara nyingi si zenyewe.

Dhana: Weupe unaofunika anga ni ukungu.

Ukungu ni matone madogo ya maji, nao hutokea hewa inapokaribia kushiba unyevu. Wakati wa Harmatani unyevu wa hewa mchana unaweza kushuka chini ya asilimia 15, kwa hiyo matone hayo hayawezi kudumu. Kinachoziba macho ni vumbi. Tofauti yake ni rahisi kuitambua: ukungu huyeyuka jua likishapanda, ilhali utusitusi wa vumbi hubaki hata adhuhuri, jua likionekana kama kisahani cheupe kisicho na makali. Ukipitisha kidole juu ya jani utapata unga mkavu, si umande.

Dhana: Vumbi hilo ni mchanga wa matuta ya jangwani.

Punje za mchanga ni nzito mno kusafiri mbali. Upepo ukizinyanyua huanguka tena karibu. Chanzo kikubwa cha vumbi la Harmatani ni bonde la Bodele, kaskazini mwa Chadi, ambalo zamani lilikuwa chini ya maji ya ziwa kubwa kuliko Ziwa Chadi la leo. Ziwa lilipokauka liliacha tabaka za magamba ya diatomu, yaani mwani mdogo sana wa majini, ambayo ni mepesi na huvunjika kwa urahisi. Upepo unaobanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi hulipiga bonde hilo kwa nguvu, hasa asubuhi, na unga unaopaa huweza kukaa hewani siku kadhaa. Ndiyo maana miji kama Kano ya Nigeria, iliyo mbali na bonde lenyewe, hufunikwa.

Dhana: Jangwa ni joto, basi baridi ya asubuhi lazima itoke kwingine.

Baridi hiyo kwa sehemu kubwa hutengenezwa usiku, papo hapo. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani kila usiku, na mvuke wa maji pamoja na mawingu ndivyo hulizuia lisitoroke lote. Hewa ya Harmatani haina mawingu na mvuke wake ni kidogo, kwa hiyo ardhi hupoa upesi, na Sahara yenyewe huwa na usiku wa baridi katika miezi hiyo. Vumbi lina kazi mbili hapa: mchana hupunguza jua linalofika ardhini, lakini usiku huzuia kidogo joto lisiondoke. Kwa sababu hiyo si lazima siku yenye vumbi zito zaidi ifuatwe na asubuhi ya baridi zaidi.

Dhana: Ngozi hupasuliwa na baridi, au na vumbi linaloikwaruza.

Kosa hili ndilo lenye madhara zaidi, kwa kuwa humfanya mtu ajikinge asubuhi na kujisahau mchana. Kinachoipasua ni ukavu wa hewa, asubuhi na mchana. Tuchukue asubuhi yenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 30. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ina karibu gramu 4 za mvuke. Mchana joto likifika nyuzi 32, mvuke ni uleule, lakini sasa hewa ina uwezo wa kubeba gramu 34 hivi, na unyevu unasomeka kama asilimia 11 au 12. Ngozi yenyewe ina joto la nyuzi 33 hivi na huipasha hewa inayoigusa, kwa hiyo kwake asubuhi na mchana ni ukavu uleule wa gramu 4. Katika msimu wa mvua, hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 85 huwa na gramu 22 hivi.

Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa zilizoshikanishwa na mafuta, nalo hunyumbuka likiwa na maji tu. Likikauka hukakamaa, kisha hupasuka panapovutwa kila mara: visigino, vifundo vya vidole, pembe za mdomo. Midomo huathirika mapema kwa kuwa tabaka lake ni jembamba, na kuilamba huzidisha, kwani mate hukauka haraka na kuiacha kavu zaidi.

Kunywa maji kunaufaa mwili, lakini peke yake hakulizuii tabaka hilo kupoteza maji yake hewani. Linalosaidia ni kuoga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha kupaka vaselini ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kwa sababu vaselini huyafungia maji yaliyopo. Ikipakwa juu ya ngozi iliyokwisha kukauka haina maji mengi ya kuyafungia. Ufa unaotoa damu, unaovimba au kutoa usaha unahitaji kuonwa na mhudumu wa afya.