Cheti cha homa ya manjano: soma njia ya ndege kabla ya kulipia tiketi

Nachanja wasafiri, na swali la kwanza ninalomuuliza mtu si raia wa nchi gani. Namuuliza ndege itatua wapi na wapi. Kwa cheti cha homa ya manjano, nchi nyingi hazijali pasipoti yako. Zinajali ulikotoka, na ulikosubiri njiani.

Dada mmoja alinijia tarehe 4 Juni akiwa na tiketi mkononi. Alikuwa anatoka Roma kwenda Johannesburg, na Italia haina homa ya manjano, kwa hiyo aliona jambo hili halimhusu. Lakini alichagua tiketi ya bei nafuu inayopitia Addis Ababa, na pale angesubiri ndege nyingine kwa saa 15. Ethiopia imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Afrika Kusini hudai cheti kwa kila msafiri wa kuanzia mwaka mmoja anayetoka katika nchi hizo, na pia kwa aliyesubiri katika uwanja wa ndege wa nchi hizo zaidi ya saa 12. Kusubiri kwake kulimweka kundi moja na mtu aliyeanzia safari Ethiopia.

Ningeweza kumchanja siku ileile, lakini cheti kisingemsaidia. Huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Akichanjwa tarehe 4, cheti kinakuwa halali tarehe 14, naye angetua Johannesburg alfajiri ya tarehe 12. Kwa siku mbili tu angeweza kuzuiwa kwenye kaunta ya shirika la ndege kabla hata hajapanda, na huko ndiko wengi wanakokwama. Angefanikiwa kupanda, nchi anayofikia ina haki ya kumweka karantini mpaka cheti kianze kufanya kazi, au hadi siku 6, lipi litangulie. Siku 6 ndizo virusi hivi huchukua kujionyesha mwilini.

Tulifungua ratiba nyingine. Ndege ya siku ileile, kwa njia ileile, ilikuwa na kusubiri kwa saa 3. Akalipa tofauti ya nauli, na hakuhitaji chanjo wala cheti. Nililifurahia hilo pia kitabibu: chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na sipendi kumpa mtu asiyekwenda kwenye ugonjwa wenyewe, hasa aliyevuka miaka 60, ambaye hatari ya madhara makubwa, ingawa ni ndogo, huongezeka.

Tahadhari mbili hapa. Saa 12 si kanuni ya dunia nzima. Zipo nchi zinazohesabu kituo chochote, hata cha saa moja, na nyingine, kama Ghana na Kongo ya Kinshasa, hudai cheti kwa wasafiri wote wa kuanzia miezi 9, watoke popote. Pia usikate tiketi yenye kusubiri kwa saa 11, kwa sababu ndege ya pili ikichelewa utavuka mpaka wa saa bila kupenda.

Kama tayari una kitabu cha njano, kifungue. Tangu tarehe 11 Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, hata kama juu ya karatasi umeandikiwa miaka 10. Usikubali kuchanjwa tena kwa sababu ya tarehe hiyo peke yake. Kasoro zinazokiharibu ni nyingine: jina lisilolingana na la pasipoti, namba ya toleo la chanjo iliyoachwa wazi, tarehe iliyofutwa na kuandikwa upya, muhuri wa kituo bila sahihi ya mkono ya mtoa huduma. Sahihi hiyo haibadilishwi na muhuri.

Asiyeweza kuchanjwa, kwa mfano mwenye mzio mkali wa mayai au kinga iliyoshuka sana, aombe barua ya daktari kwa Kiingereza au Kifaransa, kisha aulize ubalozi kabla ya kulipa. Maofisa wa mpakani wanapaswa kuizingatia barua hiyo, lakini hawalazimiki kuikubali.

Hesabu ya siku inarudi kwa anayekwenda Umra au Hija. Saudi Arabia hudai chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne, A, C, W na Y, iliyotolewa angalau siku 10 kabla ya kufika. Hapo cheti kina mwisho: miaka 3 au 5 kutegemea aina ya chanjo, na aina isipoandikwa kitahesabiwa cha miaka 3. Mwambie anayekuchanja aiandike palepale, kabla hujaondoka kwenye kiti.