Dokta, usiniandikie "ml 3" tupu

Kila wakija maintani wapya wodi ya watoto hapa Kigoma napewa muda kidogo wa kuongea nao kuhusu makosa ya dozi, na siku hizi nimeacha kuwapitisha kwenye dawa ishirini kwa mpigo, nachukua artesuneti tu. Malaria kali huku ndo kazi yetu ya kila siku, na dawa hii moja ina karibu kila kosa ambalo utalikuta kwenye chati ya mtoto.

Chukua mtoto wa kilo 10, kaletwa kutoka Uvinza, degedege mara mbili njiani, hanyonyi. Kwanza kilo zenyewe umezipata wapi? Kama ni za kwenye kadi ya kliniki angalia tarehe, unaweza kukuta ni za miezi mitano nyuma. Kama anaweza kupimwa mpime, hata mama apande mzani na mtoto halafu apande peke yake, utoe tofauti.

Sasa dozi. Wengi wanakuja na 2.4 kichwani kwasababu ndo ya watu wazima, na zamani ilikuwa ya wote, ila mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa 3 mg kwa kilo, maana kwa dozi ya zamani watoto wadogo walikuwa wanabaki na dawa kidogo kwenye damu kuliko wakubwa. Kwahiyo huyu wetu ni 30 mg, ukipiga kwa 2.4 unampa 24 na hakuna mtu atakayeshtuka maana inaonekana kama namba ya kawaida tu.

Hapo hesabu imeisha ila kosa kubwa bado halijafika. Vaili ya 60 mg tuliyonayo stoo unaiyeyusha kwanza kwa 1 ml ya baikaboneti iliyo ndani ya boksi, tikisa mpaka iwe safi kabisa, kisha unaongeza maji ya chumvi au dekstrosi ya asilimia 5 (usitumie maji ya sindano). Ukiwa unachoma kwenye mshipa unaongeza 5 ml, jumla zinakuwa 6, yaani 10 mg kila ml. Ukiwa unachoma kwenye msuli unaongeza 2 tu, jumla 3, yaani 20 mg kila ml. Unaona sasa? Dozi ileile ya 30 mg ni 3 ml kwa mshipa na 1.5 ml kwa msuli.

Halafu dokta kaandika "artesunate 3 ml" akaondoka. Usiku kanula imetoka, nesi kahangaika mshipa haupatikani, akaamua paja, akachanganya ya msuli kama inavyotakiwa, akavuta 3 ml kama ulivyoandika. Kampa vaili nzima, 60 mg. Ila mimi hilo sio linaloniogopesha zaidi, dawa hii inavumilika kiasi dozi ikizidi. Naogopa kinyume chake: umeandika 1.5 ml ukifikiria msuli, akapatikana mtu fundi wa mishipa, mtoto akapata 15 mg, nusu dozi, kwenye yale masaa ya mwanzo ambayo ndo yanaamua. Na chati itasomeka "amepewa" na saini juu, kwahiyo asubuhi kwenye raundi mnabaki kujiuliza mbona hazinduki.

Andika hivi, manesi wenyewe watawashukuru: uzito, 3 mg/kg = 30 mg, mshipa au msuli, saa 0, saa 12, saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza mseto. Ml kama unapenda weka mwishoni pamoja na mchanganyiko wake. Usiandike 30.0, nukta ikififia inasomeka 300. Na ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja, inayobaki mwaga, msimwekee mtoto wa kitanda cha pili kwenye friji.

Ohh na vaili za kampuni nyingine zinachanganywa tofauti, boksi likibadilika soma karatasi ya ndani au nipigie.

Hilohilo la ml linawafuata mpaka siku ya kuruhusiwa. Umemwandikia parasetamo "5 ml x 3". Ya sirapu ya 120 mg kwenye 5 ml hiyo ni 120 mg, kwa kilo 10 ni sawa kabisa. Ila mama akienda duka la dawa akauziwa ya matone yenye 100 mg kwa kila ml, 5 ml yako imekuwa 500 mg, yaani 50 mg kwa kilo wakati mwisho wetu ni 15, na anarudia mara tatu kwa siku. Kwahiyo hata kwenye karatasi ya kwenda nyumbani naomba mg na nguvu ya dawa, nisipoviona narudisha karatasi kwako kabla sijatoa chochote dirishani.