Kuungua mkono kwa maji ya moto: maumivu kidogo si dalili ya jeraha dogo

Dhana potofu: "Hauumi sana, basi haujaungua sana."

Ukweli: Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Ngozi iliyoungua juujuu huuma sana kwa sababu neva zake bado ni nzima. Moto ukishuka chini zaidi, neva nazo huungua, na maumivu hupungua. Sehemu iliyogeuka nyeupe, kavu au ngumu, na isiyohisi hata ikiguswa, ni ya kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Chukua mtu aliyemwagikiwa maji ya birika kwenye mgongo wa mkono. Kwanza avue pete na saa kabla mkono haujavimba, kisha auweke chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Hata kama saa moja au mbili zimepita, bado inafaa. Barafu, dawa ya meno na mafuta asiguse.

Baada ya hapo atazame. Karibu na kifundo cha mkono ngozi imebadilika rangi na inauma, ila haina malengelenge. Akiibonyeza taratibu kwa kidole safi inapauka, na akiachia rangi inarudi haraka: hapo damu bado inapita vizuri. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo alinganishe na mkono wa pili. Lakini juu ya vifundo vya vidole kuna malengelenge, na pembeni pana baka jeupe ambalo rangi yake haibadiliki likibonyezwa. Baka hilo peke yake linatosha kumpeleka kliniki.

Dhana potofu: "Ni padogo, patapona penyewe."

Ukweli: Kiganja cha majeruhi mwenyewe, pamoja na vidole, ni takriban asilimia 1 ya mwili wake. Kipimo hicho husaidia mtu akiungua mgongo au paja. Mkononi kinadanganya, kwa kuwa kovu dogo juu ya kiungo cha kidole linaweza kukivuta kisinyooke tena. Ndiyo maana malengelenge mkononi yaonwe na mhudumu wa afya hata yakiwa machache, hasa yakiwa juu ya viungo au yakizunguka kidole chote. Yasipasuliwe. Mtoto mdogo, mzee na mwenye kisukari wasingojee.

Cha kutunzwa nyumbani ni kile kinachouma bila malengelenge, chenye rangi inayorudi haraka.

Dhana potofu: "Siku ya kwanza palionekana sawa, basi yamekwisha."

Ukweli: Jeraha la moto linaweza kuendelea kuingia ndani kwa siku 2 au 3. Kila siku angalia kama malengelenge yamezuka, rangi imepauka, au uvimbe, usaha na homa vimeanza. Kidonda ambacho hakijafunga baada ya wiki 2 kinaelekea kuacha kovu nene, kwa hiyo kionwe na daktari hata kama kilianza kidogo.