Jina la Saccos: linatakiwa kumwambia nini mwanachama?

Jina la chama cha ushirika wa akiba na mikopo linabeba mambo matatu: ni cha nani, kinafanya nini, na kimesajiliwa kama nini. Hilo la kwanza huitwa fungamano, yaani kile kinachowaunganisha wanachama, kama vile kazi, mwajiri au eneo wanaloishi. Mwaka 1864 Friedrich Wilhelm Raiffeisen alipoanzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf, Ujerumani, jina lake lilitaja mahali na kazi yake tu: chama cha mfuko wa mikopo cha Heddesdorf. Aliyelisikia alijua pesa ni za kina nani na zinakwenda wapi.

Chukua mfano wa mafundi cherehani wanaotaka kuanzisha Saccos. Mmoja anapendekeza “Faida Kapitali”. Linavutia masikioni, lakini haliwataji mafundi wala mikopo, na neno “faida” limeshatoa ahadi. Atakuja mtu aweke pesa akitarajia zizae upesi, na baada ya miezi michache adai gawio. Akiambiwa kwamba gawio hutegemea ziada ya mwaka, tena kwa uamuzi wa mkutano mkuu, ataona ametapeliwa hata kama vitabu ni safi. Mimi ningechagua “Mafundi Cherehani Saccos”. Halina mbwembwe, lakini fundi anajua ni lake, na asiye fundi anajua aulize kwanza kama anaruhusiwa kujiunga.

Neno “benki” liepukwe kabisa. Katika nchi nyingi sheria hairuhusu kulitumia bila leseni ya benki, na pia linapotosha: mteja wa benki si lazima awe mmiliki, ila mwanachama wa Saccos ana hisa, ana kura, na hasara ikitokea inamgusa. Jina la mwanzilishi nalo ni hatari, kwa sababu siku akigombana na bodi watu watakimbilia kutoa akiba zao.

Kabla ya mkutano wa kupitisha jina, andaeni majina mawili matatu, maana msajili anaweza kukataa linalofanana na la chama kingine. Msomeeni kila jina mtu asiyewajua, kisha mwulizeni: nani anaweza kujiunga, na pesa zinafanyiwa nini? Akijibu “mnafanya biashara gani?”, jina hilo halifai.

Likishasajiliwa, liandikwe vilevile kwenye cheti, masharti ya chama, stakabadhi na akaunti ya benki. Mwanachama akiona stakabadhi ina jina moja na akaunti anayoelekezwa kulipia ina jingine, asilipe kwanza. Aombe kuona cheti. Na fungamano likipanuliwa ili mafundi viatu nao waingie, jina hubadilishwa kwa azimio la mkutano mkuu na kibali cha msajili. Hisa, akiba na madeni ya zamani hubaki yalivyo.