Mikono safi na kuchelewa: yanayosemwa kuhusu insafu na yaliyo kweli

Insafu, ambayo wanasheria wengi huiita ekwiti, ni kanuni zilizokua katika mahakama ya Chansela huko Uingereza, zikaletwa kwetu kwa sheria za kikoloni. Tanzania inazipokea kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Kenya tarehe 12 Agosti 1897. Mbili kati yake hutajwa mahakamani kila mara: anayeijia insafu aje na mikono safi, na kuchelewa huiua insafu. Zote mbili husikika kama methali, na ndiyo maana watu huzielewa vibaya.

Dhana: Ukiwa na doa lolote, mahakama haikusikilizi.

Nimewasikia wadaiwa wakiingia mahakamani na orodha ya dhambi za mdai: ana deni la kodi, alimwacha mkewe, si mtu wa kuaminika. Hayo peke yake hayatoshi. Tangu kesi ya Dering dhidi ya Earl wa Winchelsea, mwaka 1787, uchafu unaohesabika ni ule uliofungamana moja kwa moja na haki inayodaiwa.

Mfano wake mzuri ni kesi ya Uingereza ya mtalaka wa Duki wa Argyll, mkabaila wa cheo cha juu. Ndoa yao ilivunjwa mwaka 1963 kwa uzinzi wa mke. Baadaye mume akataka kuchapisha gazetini siri alizoambiwa na mkewe wakati wa ndoa. Mke akaomba zuio. Upande wa mume ukasema: mzinzi huyu, tena naye ameshaandika magazetini, hana mikono safi. Jaji Ungoed-Thomas hakukubali. Uzinzi uliivunja ndoa, lakini haukumpa mume ruhusa ya kumwaga siri alizopewa kwa kuaminiwa. Zuio likatolewa.

Uchafu unaoumiza kweli ni mwingine. Unapoomba zuio la haraka bila upande wa pili kuwepo, unatakiwa kumweleza jaji hata mambo yanayokudhuru. Ukificha kwamba mkataba ulikwisha muda, au kwamba shauri hilohilo lipo mahakama nyingine, zuio linaweza kufutwa hata kama dai lako lina nguvu. Hapo mikono imechafuka ndani ya ombi lenyewe.

Dhana: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Methali inatosha kwa maisha, haitoshi kwa sheria. Kupita kwa siku peke yake si kosa. Mahakama huuliza: ulijua haki yako tangu lini? Ulipojua, ulinyamaza kwa namna inayoonyesha umeiachilia? Na mwenzako amebadilisha hali yake kwa kuuamini ukimya wako?

Mfano ni kesi ya Uingereza ya Bi Allcard. Alijiunga rasmi na jumuiya ya watawa wa Kianglikana mwaka 1871, akaipa mali ya takriban pauni 7,000. Kanuni za jumuiya zilimkataza kutafuta ushauri wa nje bila idhini ya mkuu wake. Akatoka mwaka 1879. Alidai mwaka 1885, na kilichogombewa kwenye rufaa ni zile karibu pauni 1,700 zilizosalia. Mwaka 1887 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba alitoa akiwa chini ya shinikizo lisilofaa. Hata hivyo, majaji wawili kati ya watatu walimnyima. Alikuwa huru, alizungumza na mwanasheria, akajua anaweza kudai, kisha akakaa karibu miaka sita. Jaji Cotton alipinga, akaona kilichobaki kirudishwe. Nami nadhani kesi hiyo ingeweza kwenda upande wowote, kwa sababu kanuni hii ni mizani, si saa.

Dhana: Ukinyimwa na insafu, umepoteza kila kitu.

Hapa ndipo watu huumia zaidi, kwa kukata tamaa mapema. Kanuni hizi hugusa nafuu ambazo jaji hutoa kwa hiari yake: zuio, amri ya kutekeleza mkataba, kufuta mkataba. Fidia kwa kuvunjwa mkataba si hisani. Ukithibitisha, ni haki yako.

Tuseme Juma amenunua kiwanja kwa shilingi milioni 20 na kulipa zote. Muuzaji akakataa kuhamisha hati. Juma akakaa kimya miaka minne. Muuzaji akauza kiwanja hicho kwa mtu asiyejua lolote, naye akajenga nyumba. Leo Juma akiomba amri ya kuhamishiwa kiwanja, ukimya wake na ile nyumba vinasimama mbele yake, na huenda akanyimwa. Lakini muda wa kudai kwa mkataba, Tanzania na Kenya, ni miaka 6, kwa hiyo bado anaweza kudai fedha, pamoja na hasara aliyoipata. Angeenda mwezi wa pili, kiwanja kikiwa kitupu, angekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kukipata chenyewe.